Kosa la Kuanzia Moja

Nina ugonjwa wa kuwahi kukasirika. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanaujua, na nasikia huwa wanaambizana asubuhi kama nimeamka nao au la. Mke wangu alishachoka kunikumbusha kwamba hasira hasara. Namjibu kwamba mwalimu wa fizikia hawezi kucheka na watu wanaopika majibu. Habari ninayoiandika hapa ni ya wiki moja tu, hapa Ifakara, na ndani yake nilikasirika mara moja nilipokuwa nimekosea kabisa.

Kupika majibu, kwa asiyejua lugha ya shule zetu, ni kuandika vipimo ambavyo hukuvipima. Mwanafunzi anajua jibu linalotakiwa, basi anaanzia kwenye jibu anarudi nyuma, anajaza jedwali linalopendeza. Shuleni kwetu adhabu yake iko wazi: sifuri ya praktiko, yaani kazi ya maabara, mzazi anaitwa, na sifuri hiyo inakwenda pamoja na alama nyingine za maendeleo zinazoingia kwenye matokeo ya mwisho. Kwa anayetaka kwenda chuo kusomea uhandisi, sifuri hiyo inaweza kumfungia mlango.

Jumanne ile tulikuwa na praktiko ya springi. Unaitundika springi kwenye stendi, unaning'iniza mzigo, unauvuta chini kidogo, unauachia. Mzigo unapanda, unashuka, unapanda, unashuka. Kutoka chini kwenda juu na kurudi chini ni mzunguko mmoja kamili, na muda wa mzunguko huo ndio tunauita kipindi. Uzuri wake ni kwamba ukivuta kidogo au ukivuta zaidi, kipindi hakibadiliki, mradi hukuivuta springi mpaka ikaharibika. Kinategemea uzito wa mzigo na ukaidi wa springi, yaani inavyokataa kuvutika, basi.

Kipindi kimoja ni kifupi mno kukipima kwa mkono, kwa hiyo tunapima ishirini kwa pamoja tunagawa kwa ishirini. Nilisimama mbele, nikavuta mzigo wa nusu kilo, nikawaonyesha nilivyoonyesha kila mwaka. Nikaachia na kubonyeza saa kwa wakati mmoja: "Moja!" Mzigo uliporudi chini: "Mbili!" Nikaenda hivyo mpaka ishirini, nikabonyeza tena. Saa ikasoma sekunde kumi na nane nukta tisa. Gawa kwa ishirini, unapata 0.94 na ushee.

Sehemu ya pili ilikuwa grafu. Niliwapa simu yangu, maana wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo, kila mmoja kwa zamu akarekodi video ya mzigo wake ukiwa na rula nyuma yake. Kisha kwenye kompyuta ya maabara waliisogeza video polepole, wakasoma kila sehemu ya kumi ya sekunde mzigo uko sentimeta ngapi kutoka katikati, pale unapotulia wenyewe usipoguswa. Chini ya katikati tuliita chanya, juu yake hasi. Niliagiza grafu ya sekunde tatu, na pembeni yake waandike fezi, yaani saa ilipoanza kuhesabu, mwendo ulikuwa umefika wapi ndani ya mzunguko wake.

Umeme ulikatika mara mbili. Joto la bondeni mnalijua wenyewe. Kufika saa tisa watoto walikuwa wamelowa jasho na mimi nilikuwa sisemi na mtu.

Jioni nilikaa kusahihisha. Madaftari thelathini na saba yalikuwa na 0.94, wengine 0.95, grafu zao zikianzia sentimeta nne, kule chini mzigo ulikoachiwa, mawimbi yakifuatana vizuri kama matuta ya viazi. Daftari la thelathini na nane lilikuwa la binti wa kijiji cha Mbingu, mkimya, anayekaa dirishani. Kwenye jedwali alikuwa ameandika 18.9, akaikata kwa mstari mmoja, juu yake akaandika 19.9. Kipindi chake: 0.99. Grafu yake haikuanzia nne. Ilianzia sentimeta mbili, tena ikiwa inashuka.

Damu ilinipanda. Niliona kila kitu kwa mara moja, au ndivyo nilivyodhani. Amepata 18.9 kama wenzake, halafu akaifuta akaandika anachokitaka. Grafu nayo ameisogeza pembeni ili isifanane na ya jirani yake aliyemwigilizia. Nikachukua kalamu nyekundu, kando ya grafu nikaandika: "Kwa nini haianzii 4?" Chini nikaandika neno moja, "Umepika," na sifuri kubwa yenye mkia.

Kesho yake nilirudisha madaftari mbele ya darasa. Nilimsimamisha. Nilisema, na nayakumbuka maneno yangu vizuri kuliko ninavyotaka, kwamba kama anapenda kupika aende stendi ya mabasi akafungue mgahawa, atuache sisi tunaopima. Darasa likaangua kicheko. Mtoto akafungua mdomo.

"Mwalimu, mimi nilihesabu mara…"

"Kaa chini."

Akakaa. Kufika mchana walikuwa wameshampa jina la Mama Lishe. Nililisikia kwenye foleni ya uji na sikulikemea. Alama zilitakiwa kufika ofisi ya mkuu wa shule Ijumaa kabla ya saa sita.

Alhamisi baba yake akaja. Alikuwa ametoka Mbingu alfajiri, suruali ina matope mpaka magotini kwa sababu basi lao lilikwama wakashuka kusukuma. Ni mkulima wa mpunga na kokoa kidogo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa ukingoni mwa kiti kama watu wanavyokaa ofisini kwa watu. Nikamweleza kosa. Nilitegemea atamtetea mwanawe, nilikuwa nimeshajiandaa. Hakumtetea.

"Mwalimu, kama amedanganya, mpe haki yake," alisema. "Mimi sikusoma, siwezi kukubishia. Ila nashangaa. Huyu kule nyumbani ananigombanisha na watu kwa kutokudanganya."

Nikamuuliza kivipi.

"Msimu huu tumepeleka kokoa kupima. Ile mizani ya kutundika, yenye mshale. Watu wote tumesimama kwenye mstari, yeye anasema, baba, huo mshale haujakaa kwenye sifuri, na gunia bado liko chini. Mbele ya watu! Mwenye mizani akakasirika. Nikamwambia funga mdomo. Akasema, kama haukuanza sifuri, vyote vitakavyofuata si kweli. Nilimkata jicho, lakini mzee mmoja akachungulia, akasema binti anasema sawa."

Alieleza kwa aibu, kama anayemshtaki. Nikamwambia nitaliangalia tena, zaidi kwa adabu kuliko kwa nia. Akanishukuru mara tatu, akaenda kumsalimia mwanawe kabla ya kurudi kutafuta usafiri.

Sikuwa na somo mchana ule. Nikachukua lile daftari, nikaingia nalo maabara nikiwa na lengo moja: kupata ushahidi mzito wa upishi, ili hata mkuu wa shule akiuliza nisibabaike. Mwalimu wa kemia alikuwepo anaosha vyombo vyake. Ni mama mtu mzima, amekulia kambi za wafanyakazi wa miwa, na ananitania kama mdogo wake.

"Leo unamkaanga nani?" akaniuliza.

"Huyu hapa," nikasema, nikafungua grafu mbele yake.

Nilianza kuisoma kwa sauti, kama mwendesha mashtaka. Inaanzia mbili. Inavuka katikati kwenye sekunde 0.08. Inafika hasi nne, yaani mzigo uko juu kabisa, kwenye 0.33. Inarudi, inafika chanya nne kwenye 0.83. Chanya nne nyingine kwenye 1.82. Nyingine kwenye 2.81, ila hii ya mwisho ilikuwa fupi kidogo, haikufika nne kamili.

Hapo sauti yangu ikapungua. Kilele cha kwanza na cha tatu vimeachana kwa 1.98. Hiyo ni mizunguko miwili, kwa hiyo mmoja ni 0.99. Nikarudi kwenye mivuko ya katikati: 0.08, 1.08, 2.07. Jibu ni lile lile. Chini ya grafu alikuwa ameweka nukta kila sehemu ya kumi ya sekunde, thelathini na moja, na si zote zilizokaa juu ya mstari. Nyingine zilikuwa juu kidogo, nyingine chini kidogo. Anayepika hapiki nukta mbaya. Wala hakumbuki kwamba hewa na springi vinaula mwendo taratibu, na kilele cha tatu kinapaswa kuwa kifupi kuliko cha kwanza.

Nikafungua madaftari ya wengine. Nukta zao zilikuwa nzuri kwa mzunguko wa kwanza tu. Baada ya hapo hapakuwa na nukta, ni mstari uliochorwa kwa kurudia umbo la kwanza kila sekunde 0.94. Walikuwa wamechoka, umeme umekatika, foleni ya kompyuta ndefu, na kipindi tayari walikuwa nacho kutoka kwangu. Ndani ya mzunguko mmoja huwezi kuona tofauti ya 0.94 na 0.99. Kwenye mizunguko mitatu ungeiona, kama ungeitazama. Wapishi walikuwa thelathini na saba, na wote nilikuwa nimewapa alama.

"Na kuanzia mbili?" mama wa kemia akauliza. "Si ulisema amesogeza?"

Nilikuwa nimeshaona jibu, sikutaka kulisema. Umbali mkubwa kabisa ni nne. Grafu inaanzia mbili, nusu yake, na inaelekea katikati. Kwenye mwendo wa namna hii, kutoka chini kabisa mpaka nusu ya umbali ni digrii sitini kati ya mia tatu na sitini, moja ya sita ya mzunguko. Kwa kipindi cha 0.99 ni kama sekunde 0.17. Mzigo uliachiwa, na yule aliyebonyeza simu alichelewa kwa sekunde 0.17. Ni muda wa kidole kusita juu ya kioo cha simu ya mwalimu mkali. Pembeni, kwa penseli ndogo, alikuwa ameandika: "fezi 60°, nilichelewa kubonyeza." Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imepita juu ya maneno hayo.

Lakini bado ile 18.9 ilikuwa inanishika shati. Mimi mwenyewe niliipata, mbele ya darasa. Nikatundika springi, nikaweka nusu kilo, nikampa mama wa kemia saa. Nikavuta, nikaachia. "Moja!" Akabonyeza. Tukaenda mpaka ishirini. Kumi na nane nukta tisa. Nikamgeukia kama mtu aliyeshinda kesi.

Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo mama anamtazama mtoto aliyevaa shati kinyume.

"Rudia," akasema. "Halafu ukisema moja, nionyeshe hiyo moja iko wapi."

Nikavuta, nikaachia, nikasema moja, na mkono ukabaki hewani. Hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Mzigo ulikuwa ndiyo kwanza unaondoka. Mzunguko wa kwanza ulikuwa haujazaliwa na mimi nilikuwa nimeshauhesabu. Niliposema ishirini, ilikuwa imekamilika kumi na tisa.

Nilivuta kiti nikakaa. Najua nilikolitoa kosa hili. Nimekulia Michenga, na tulipanda mpunga kwa kamba yenye alama. Bibi yangu alituweka watoto kwenye mstari, na kila anayeshindilia miche anataja namba: moja pale inapoanzia kamba, mbili hatua inayofuata, mpaka ishirini mwisho wa kamba. Ilikuwa sahihi, kwa sababu tulikuwa tunahesabu mashina. Mashina yalikuwa ishirini. Nafasi kati ya shina na shina zilikuwa kumi na tisa, lakini nafasi hazipikwi wala haziliwi, hakuna aliyezihesabu. Kipindi ni nafasi. Kwa miaka sita nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kuhesabu mashina.

Na dalili zilikuwepo! Kila mwaka tulipima pia springi ikiwa imetulia: nusu kilo inaivuta sentimeta ishirini na nne na nusu, ukipiga hesabu ukaidi wake ni niutoni ishirini kwa mita. Kwa kuhesabu mizunguko tulipata ishirini na mbili. Kila mwaka mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini hazilingani, na kila mwaka nilijibu bila kufikiri kwamba springi zetu zimechoka. Tulipobadilisha mizigo na kuchora mstari, ulinyooka safi, kwa sababu kosa lilikuwa lile lile kila mahali, moja kwenye ishirini, na kosa lenye nidhamu halionekani. Niliwaza wanafunzi wa miaka iliyopita walioingia kwenye mtihani wa taifa wakisema moja kimoyomoyo. Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Mama wa kemia alirudi kwenye vyombo vyake bila kunitania, na hapo ndipo nilipojua kwamba jambo ni kubwa.

Ijumaa asubuhi niliingia darasani kabla ya kengele. Nilisimama, nikasema kosa lilikuwa langu. Nikatundika springi nikaonyesha: unaachia na kusema sifuri, mzigo ukirudi chini ndiyo moja. Nikasema thelathini na saba watarudia praktiko, na kwamba aliyepima kweli alikuwa mmoja. Nikamtaja. Nikasema nimemkosea, na nikaomba msamaha. Nikasema pia kwamba atakayemwita lile jina atanikuta. Nadhani hawakuwahi kunisikia nikiomba chochote.

Yeye aliangalia meza yake. Hakutabasamu. Nilifuta sifuri, nikampa alama zake zote, nikaandika kwamba za wengine zitafuata, na kabla ya saa nne fomu iliyosahihishwa ilikuwa mezani kwa mkuu wa shule. Nilijisikia mwepesi. Nilidhani mambo yameisha.

Mchana nilimwita maabara. Nilitaka aje anionyeshe alivyogundua, na ukweli ni kwamba nilitaka pia anisamehe nikiwa namwona. Alisema alipomaliza kuhesabu kwa njia yangu, video ikamwambia kitu kingine. Akahesabu tena, akapata kile kile. Akahesabu mara ya tatu huku anaangalia video, akaona mzigo umekamilisha mzunguko mmoja wakati mdomo wake unasema mbili. Ndipo akaanzia sifuri, akapata 19.9.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza, kisha nikakumbuka kwamba alianza kuniambia.

Nikaona aibu ya pili. Ili tuachane na maneno, nikaning'iniza gramu mia tatu, nikamwomba apime kipindi, nikampa saa. Alivuta mzigo taratibu, akausubiri utulie mkononi, akaachia. "Sifuri," akasema kwa sauti ndogo. Alihesabu bila kupepesa macho mpaka ishirini. Akabonyeza. Akaitazama saa, akachukua penseli, akafungua ukurasa mpya. Kisha akainua uso.

"Niandike ngapi, mwalimu?"

"Saa inasema ngapi?"

"Kumi na tano nukta nne."

"Basi si hiyo hapo?"

Penseli haikugusa karatasi. "Na wewe ulitegemea ngapi?"

Alikuwa ananiuliza kwa adabu kabisa, bila kejeli hata chembe, kama unavyomuuliza mgeni anataka chai ya maziwa au ya rangi. Jumanne binti huyu alibishana na saa, akabishana na mwalimu, akabishana na darasa zima, peke yake, akiwa na kompyuta inayozimika kila saa. Ijumaa alikuwa anataka kwanza kujua mimi napenda namba gani. Nilimwambia sitegemei chochote, aandike alichokiona. Akaitikia, "Sawa, mwalimu." Hakuandika. Nikamwambia tena. Akaitikia tena, na macho yake yalikuwa usoni kwangu, si kwenye saa.

Nilitoka nje ya maabara nikasimama barazani, kando ya dirisha. Aliposikia nimeufunga mlango, ndipo akaandika.